Mzazi akipatwa na ugonjwa wa ghafla: kuomba shule ipunguze minervali

Tangu Septemba 2019 shule za msingi za serikali, pamoja na zile za makanisa zenye mkataba na serikali, hazilipishi. Kwa hiyo ombi tunalozungumzia hapa ni la sekondari, ambako wazazi wanaendelea kulipa.

Baba mmoja wa parokia yetu, motari, alipatwa na kiharusi mwezi wa Novemba. Mama anauza sambaza. Watoto wawili, mmoja mwaka wa tatu, mwingine finalisti, walikuwa wamelipa transhi ya kwanza. Ya pili, dola 40 kwa kila mmoja, ilitakiwa Januari.

Mama alimwendea mpokeaji wa feza wa shule, akaambiwa, "Tutaona." Juma lililofuata watoto wakarudishwa nyumbani. Mpokeaji hakuwa mkatili: yeye hufuata liste, hana mamlaka ya kusamehe. Uamuzi ni wa prefe pamoja na baraza la usimamizi wa shule, ambamo wazazi nao wana mwakilishi. Basi tuliandika barua kwa prefe, nakala kwa mkubwa wa komite ya wazazi.

Barua ya kwanza ya mama ilisema tu "mtuhurumie". Tuliiandika upya kwa hesabu. Kwa mdogo tuliomba dola 40 zisamehewe. Kwa finalisti hatukuomba msamaha, tuliahidi dola 10 kila mwezi, Januari hadi Aprili. Sababu ni kwamba feza za egzeta hutoka nje ya shule, na prefe hawezi kuzisamehe. Ilibidi mama abakize kitu kwa ajili ya hizo.

Tuliambatanisha karatasi ya hospitali yenye tarehe ya kulazwa na muda ambao mgonjwa hatafanya kazi (jina la ugonjwa si lazima lijulikane kwa baraza zima), bulletini, na risiti za transhi ya kwanza. Tunadhani risiti ndizo zilizosema zaidi, maana zilionyesha familia inayolipa inapoweza. Katika barua ya parokia tuliandika yale tuliyoyaona wenyewe tulipomtembelea mgonjwa. Wachungaji wenzetu, sifa nyingi hapo hazisaidii.

Baraza lilisamehe dola 20 za mdogo, zilizobaki zilipwe Aprili, na likakubali malipo ya finalisti ya kila mwezi. Kusamehe zote ni vigumu, kwa sababu katika shule nyingi sehemu ya minervali ndiyo inayowalipa walimu ambao serikali bado haijawaingiza kwenye mshahara wake.

Tuliomba jibu lenye sahihi na muhuri. Nakala moja ilikwenda kwa mpokeaji, nyingine kila mtoto aliibeba katika daftari lake, na siku ya kontroli waliionyesha wakabaki darasani. Karatasi hiyo ni ya mwaka ule tu. Baba asipopona kabla ya Septemba, ombi linaandikwa upya, na afadhali lifike kabla ya transhi ya kwanza.