Kuchomwa sindano na kuchomwa na sindano

Katika Kiswahili cha Dar es Salaam, mtu aliyechomwa sindano ametibiwa. Amekwenda zahanati, amepewa dawa au chanjo, amerudi nyumbani. Aliyechomwa na sindano ni mwingine kabisa: ni muuguzi, mkunga, fundi wa maabara au mfanya usafi ambaye ncha iliyokwisha kuingia mwilini mwa mgonjwa imemwingia yeye. Silabi moja tu, "na", inawatenganisha, na katika rejista inayojazwa haraka mwisho wa zamu silabi hiyo huanguka. Msomaji wa kesho yake anaona "Sista amechomwa sindano" na kudhani alipewa dawa ya maumivu.

Wodini wengi husema "kujichoma". Neno hili ni fupi na linaeleweka, lakini lina ubaya wake. Mwenye kisukari anayejipa insulini naye hujichoma. Kubwa zaidi ni kwamba kile kiambishi "ji" kinamfanya aliyeumia awe mtenda kosa kabla hajafungua mdomo. Mara nyingi sindano iliachwa na mwingine kwenye shuka, au mgonjwa alishtuka na kuvuta mkono. Anayejua kwamba ataandikwa kuwa amejichoma ana sababu nzuri ya kunyamaza, na katika jambo hili kunyamaza kunakula saa zinazohitajika.

"Jeraha la sindano" ni tafsiri ya karibu zaidi na dhana ya kitaalamu, ila jeraha kwa kawaida tunalitazama kwa macho. Tundu la sindano halionekani baada ya dakika mbili, na mtu hujiambia kwamba hana jeraha. Kwa hiyo mimi nachagua "ajali ya sindano". Ajali huripotiwa hata kama hakuna aliyetoka damu. Tena Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, ulioundwa kwa sheria ya mwaka 2008, unashughulikia ajali na magonjwa yatokanayo na kazi, kwa hiyo jina hilo linaweza kusafiri kutoka rejista ya wodi hadi fomu ya fidia bila kubadilishwa njiani.

Jambo lenyewe limejulikana kwa miaka mingi. Mwaka 1984 jarida la kitabibu la Uingereza, The Lancet, lilieleza habari za muuguzi aliyeambukizwa virusi ambavyo leo tunaviita VVU baada ya kuchomwa alipokuwa akirudisha kifuniko kwenye sindano yenye damu mbichi. Damu hiyo ilikuwa ya mgonjwa aliyeambukizwa Afrika. Kwetu, utafiti wa mkoani Mwanza uliochapishwa mwaka 1997 uliona kwamba mhudumu wa afya wa kawaida alichomwa kama mara tano kwa mwaka. Mara tano: mtu anayepatwa na kitu mara tano kwa mwaka huanza kukiona ni sehemu ya kazi, na ndiyo maana haandiki.

Tuchukue mfano wa kutungwa, katika wodi ya wazazi ya kituo kimoja upande wa Msasani, usiku wa kuamkia Jumanne. Mama amejifungua na anatoka damu nyingi. Mkunga anamwekea kanula ya kijani, geji 18, kwa sababu maji yanatakiwa kuingia upesi. Sindano ya ndani ya kanula inachomolewa ikiwa imejaa damu, na kwa kuwa kisanduku cha vitu vyenye ncha kali kiko upande wa pili wa chumba, inawekwa kitandani kwa muda. Damu ya mama inadhibitiwa. Mkunga anakusanya vitambaa, na sindano inapenya glavu na kuingia kidole cha shahada.

"Dada, vua glavu ukanawe," anasema inchaji wa wodi. "Mimi nabaki na mama."

Huo ndio mwanzo sahihi. Maji yanayotiririka na sabuni ya kawaida, bila haraka. Kidole hakikamuliwi wala hakinyonywi, na hakimwagiwi jiki. Wengi hukamua kwa nguvu wakiamini wanautoa ugonjwa, lakini kukamua huumiza nyama iliyo kandokando ya tundu, na dawa kali huunguza ngozi ambayo ndiyo ukuta uliobaki. Kama damu ingerukia jichoni, jicho lingesafishwa kwa maji safi mengi au maji ya chumvi ya hospitali, bila sabuni.

Kisha saa inaandikwa, na hapa lugha yetu ina mtego wake. Mkunga anasema "saa 9 na dakika 10". Anayejaza fomu kwa saa za hospitali anaandika 09:10, ambayo ni saa tatu na dakika 10 asubuhi, wakati ajali ilitokea 03:10. Saa sita zimepotea katika hesabu ambayo yote ina saa 72 tu, kwani dawa kinga dhidi ya VVU, zile ambazo watumishi wanaziita PEP, huanzishwa mapema iwezekanavyo na hazianzishwi baada ya saa 72. Kwa mkunga huyu mlango unafungwa saa 9 na dakika 10 usiku wa kuamkia Ijumaa. Fomu iandike yote mawili: 03:10, usiku wa kuamkia Jumanne.

Iandike pia aina ya sindano. Sindano yenye tundu hubeba damu ndani yake, tofauti na ile ya kushonea. Utafiti uliochapishwa mwaka 1997 kuhusu wahudumu wa afya walioambukizwa VVU kazini ulionyesha kwamba hatari hupanda sindano ikiingia kwa kina, ikiwa na damu inayoonekana, ikiwa ilikuwa ndani ya mshipa wa mgonjwa, na mgonjwa akiwa katika hatua za mwisho za UKIMWI. Ajali ya mkunga wetu ina mbili bila ubishi: damu ilionekana, na sindano ilitoka mshipani. Neno "alichomwa" peke yake halimwambii daktari hata moja kati ya hayo.

Sasa tunafika kwenye istilahi inayoharibu fomu nyingi: "hali ya mgonjwa chanzo". Kwa mtu wa wodini, hali ya mgonjwa ni kama anapumua vizuri, shinikizo lake likoje, anaendeleaje. Anaweza kuandika "nzuri" kwa moyo safi, na fomu ikarudi bila jibu lililotakiwa. Kinachoulizwa ni maambukizi: VVU, homa ya ini B, homa ya ini C, na tarehe ya kila kipimo. Neno "chanzo" nalo linamgeuza mama kuwa chimbuko la balaa ilhali amelala tu akihudumiwa. Ningeandika "mgonjwa mwenye damu", na chini yake "majibu ya vipimo vyake na tarehe".

Tarehe ndiyo kiini. Kadi ya kliniki ya mama inaonyesha hana VVU, lakini kipimo kilifanywa mimba ikiwa changa, na miezi mingi imepita. Jibu lile lilikuwa kweli siku ile. Kwa hiyo anapimwa upya, kwa ridhaa yake, na anayemwomba si mkunga aliyechomwa. Huyo ana hofu yake mwenyewe, na mama ataiona usoni.

"Mama, pole na uchungu," anasema daktari wa zamu. "Mwenzetu amechomwa na sindano iliyotoka kwenye mkono wako. Tunaomba ruhusa yako tupime damu."

"Kwani mimi nina nini, daktari?"

"Hatusemi una kitu. Tungemwomba mama yeyote hivyo hivyo. Majibu utapewa wewe kwanza, na ukikataa utaendelea kutibiwa kama kawaida."

Wakati hayo yakiendelea, mkunga hangoji. Anapimwa VVU yeye mwenyewe usiku ule ule, kwa sababu mbili. Kama tayari anavyo, anahitaji tiba ya kudumu, si ya siku 28. Kama hana, karatasi hiyo ndiyo itakayothibitisha baadaye kwamba aliingia kazini salama. Bila hiyo, dai la fidia halina mahali pa kusimama. Jibu lake ni kwamba hana. Anameza dozi ya kwanza: tenofovi, lamivudini na dolutegraviri katika kidonge kimoja, ambacho kituo chochote kinachokinga watoto dhidi ya maambukizi ya mama huwa nacho.

Saa 10 na nusu alfajiri majibu ya mama yanatoka. VVU, hakuna. Homa ya ini B, ipo.

Hapo ndipo fomu nzuri inapoonyesha kazi yake, kwa sababu fikra zote wodini zilikuwa kwenye VVU. Katika kila ajali 1,000 zenye damu ya mtu mwenye VVU asiyetumia dawa, wanaoambukizwa bila kinga ni kama watatu. Kwa homa ya ini B, mtu asiyechanjwa anaweza kuambukizwa katika ajali hadi 30 kati ya 100, kama damu ina virusi vingi. Tanzania ilianza kuwapa watoto wachanga chanjo hiyo mwaka 2002, na mkunga wetu alizaliwa kabla. Chuoni alichanjwa mara moja, akaahidiwa dozi nyingine, akahamishwa.

Anachanjwa asubuhi hiyo hiyo na kukamilisha ratiba ya dozi zilizobaki. Yapo pia maji ya kingamwili za homa ya ini B, ambayo hufaa zaidi yakitolewa ndani ya saa 24, lakini ni ghali na vituo vingi havina; daktari anapiga simu hospitali ya rufaa kuuliza, na akikosa, chanjo haingojeshwi. Mtoto aliyezaliwa usiku ule naye anachanjwa ndani ya saa 24 za mwanzo, na mama anaandikiwa kliniki ya ini. Kipimo kilichoombwa kwa ajili ya mkunga kimemfikia mtoto ambaye hakuna aliyekuwa akimfikiria.

Na vidonge? Jibu la mama la VVU likiaminika, PEP husimamishwa. Likiwapo shaka kwamba ameambukizwa karibuni na kipimo bado hakijaona, mkunga anaendelea hadi siku ya 28. Anapimwa tena wiki ya 6 na mwezi wa 3. Kama anameza madini ya chuma au dawa ya kiungulia, aiweke mbali na dolutegraviri, kwani huizuia kufyonzwa. Jambo moja husahaulika: tenofovi na lamivudini hukandamiza pia homa ya ini B. Kwa hiyo mkunga mwenyewe apimwe homa hiyo kabla ya kuacha vidonge, maana aliye nayo bila kujua anaweza kuugua ini ghafla dawa zinapokatwa. Kondomu hutumika nyumbani, na hachangii damu, hadi vipimo vya mwisho vitoke.

Inchaji anamaliza kwa kuandika mahali: sindano ilikuwa kitandani, kisanduku kilikuwa ng'ambo ya chumba. Nakala moja inakwenda kwa mwajiri, ambaye ndiye anayepaswa kuiarifu WCF. Jina la mama haliingii kwenye nakala hiyo, ila namba yake tu. Kisanduku kinahamishiwa kwenye troli ya kanula kabla zamu ya asubuhi haijaingia.