Mtoto akikojoa damu: Jinsi mayai ya kichocho yanavyotafutwa katika mkojo
Na Mwandishi Wetu

MZAZI wa Kapalamsenga, mkoani Katavi, anapoelezwa na mtoto wake wa shule kwamba mkojo umetoka na damu, swali la kwanza ni iwapo hicho ni kichocho. Jibu hupatikana maabara, lakini ukweli wake hutegemea sana saa na namna mkojo ulivyochukuliwa.

Kichocho cha mkojo huletwa na minyoo inayoishi katika mishipa ya damu iliyo karibu na kibofu. Minyoo jike hutaga mayai, nayo hupenya ukuta wa kibofu ili yatoke nje pamoja na mkojo. Kupenya huko ndiko kunakoleta damu, ambayo kwa kawaida huonekana zaidi katika matone ya mwisho. Kipo pia kichocho cha utumbo, ambacho mayai yake hutafutwa katika choo kikubwa.

Mayai hayatoki kwa kiwango kilekile kutwa nzima. Hutoka kwa wingi kati ya saa 4 asubuhi na saa 8 mchana, hasa mtoto akiwa ametembea au kucheza kidogo. Kwa hiyo mkojo wa alfajiri, ambao wazazi wengi huudhani kuwa bora kwa kila kipimo, haufai sana hapa. Mtoto akojoe mkojo wote, pamoja na matone ya mwisho, katika chombo safi na kikavu, nao ufikishwe maabara siku hiyohiyo. Ukikaa muda mrefu, mayai yanaweza kuanguliwa yasitambulike tena.

Maabara, mkojo hutikiswa kwanza, kwa kuwa mayai huzama chini. Kisha mililita 10 huvutwa kwa bomba la sindano na kusukumwa kupitia chujio lenye matundu madogo kuliko yai. Chujio huwekwa juu ya kioo na kutazamwa kwa hadubini. Pasipo chujio, mkojo huzungushwa kwa mashine, au huachwa utulie, na masimbi yake yakatazamwa. Yai la kichocho cha mkojo lina urefu wa takriban sehemu ya saba ya milimita na mwiba mmoja kwenye ncha. Yai la kichocho cha utumbo lina mwiba ubavuni.

Tuchukue mfano wa mwanafunzi wa miaka 10 mwenye uzito wa kilo 30. Mkojo wake wa saa 12 asubuhi haukuonyesha yai hata moja. Kijiti cha kupima mkojo, hata hivyo, kilibadilika rangi kuonyesha damu. Kijiti hicho hutambua damu tu, wala hakisemi imetoka wapi. Mtoto aliporudi siku ya pili saa 6 mchana, yalionekana mayai 18 katika mililita 10. Chini ya mayai 50 huhesabiwa kuwa maambukizi mepesi. 50 na kuendelea ni mazito, na damu inayoonekana kwa macho nayo huhesabiwa hivyo hivyo. Kwa sababu hiyo idadi ndogo ya mayai isimfanye mzazi apuuze damu aliyoiona.

Ni kwa sababu hiyo pia majibu ya "hakuna mayai" mara moja hayatoshi kumwondolea mtoto shaka. Mkojo upimwe tena siku nyingine mbili. Katika mradi wa kutokomeza kichocho uliofanyika Unguja na Pemba kati ya mwaka 2012 na 2017, watoto wa shule walipimwa kwa kuchuja mililita 10 za mkojo mmoja. Njia hiyo yafaa kupima jamii nzima, lakini kwa mtoto mmoja mwenye mayai machache inaweza kumpita.

Mayai yakikosekana mara tatu, sababu nyingine zitafutwe. Mkojo wa rangi ya kahawia pamoja na uso uliovimba huashiria ugonjwa wa figo, na mtoto apelekwe hospitali siku hiyohiyo. Homa na maumivu wakati wa kukojoa huweza kuwa maambukizi ya njia ya mkojo. Kwa msichana aliyevunja ungo, mhudumu aulize kwanza kuhusu hedhi.

Mayai yakipatikana, dawa ni prazikwanteli, miligramu 40 kwa kila kilo ya uzito. Mtoto wetu wa kilo 30 atahitaji miligramu 1,200, yaani vidonge viwili vya miligramu 600, akishakula. Dawa hiyo huua minyoo iliyokomaa lakini michanga huponyoka, na mayai yaliyokufa huendelea kutoka kwa wiki kadhaa. Kwa hiyo kupima wiki moja baada ya dawa huwatisha wazazi bure. Apimwe tena baada ya wiki 6 hivi, mkojo ukichukuliwa adhuhuri.