Vidonge vilivyoharibiwa na unyevu: Louisville, Columbus na Buffalo

Vidonge vilivyoharibiwa na unyevu ni dawa za tembe zilizofyonza maji ya hewani hadi zikabadilika rangi, zikapukutika au zikaanza kunata. Louisville (Kentucky), Columbus (Ohio) na Buffalo (New York) ni miji ya Marekani yenye familia nyingi zinazozungumza Kiswahili, hasa kutoka Kongo na Burundi pamoja na Wasomali Wabantu waliopitia kambi za Kenya. Katika familia hizo jambo hili huanza na picha. Mtu hufungua chupa au kifuko, haridhiki na anachokiona, hupiga picha kwa simu na kumtumia ndugu anayejua mambo ya hospitali au mfamasia wake. Picha ya namna hiyo inaweza kusema mengi kuhusu namna dawa ilivyohifadhiwa. Haiwezi kusema ni kiasi gani cha dawa kimebaki ndani.

Maji yanavyofanya kazi ndani ya kidonge

Dawa yenyewe mara nyingi ni sehemu ndogo tu ya kidonge. Kilichobaki ni wanga, selulosi, sukari na viungo vya kushikanisha, pamoja na kiungo kilichowekwa makusudi ili kivimbe kikikutana na maji tumboni na kukipasua kidonge. Kiungo hicho hakijui tofauti kati ya maji ya tumboni na mvuke wa jikoni. Hewa ikiwa na unyevu mwingi kwa siku nyingi, huanza kuvimba humo humo ndani ya chupa: kidonge kinanenepa kidogo, kingo zake zinalainika, kinapata nyufa, na kikiguswa kinaacha unga. Hiyo ndiyo sababu ya kawaida ya kupukutika.

Badiliko la rangi ni jambo jingine. Hapo maji yameingia katika mmenyuko wa kikemia, na ama dawa yenyewe ama kiungo kilichochanganywa nayo kimegeuka kuwa kitu kingine. Kunata hutokea pale dawa inapovuta maji kwa nguvu kiasi cha kuanza kuyeyuka, au pale ganda la sukari lililokifunika kidonge linapolainika, kama inavyoonekana kwa baadhi ya vidonge vya madini ya chuma.

Rangi: mfano wa amoksilini yenye klavulaneti

Dawa inayoonyesha vizuri zaidi uharibifu wa unyevu kwa macho ni mchanganyiko wa amoksilini na klavulaneti, unaojulikana na wengi kwa jina la Augmentin. Amoksilini ni antibayotiki ya kuua bakteria. Klavulaneti kazi yake ni kuilinda: baadhi ya bakteria hutoa kimeng'enya kinachoivunja amoksilini, na klavulaneti hukinasa kimeng'enya hicho kabla hakijaifikia. Kidonge cha kawaida cha watu wazima huwa na miligramu 875 za amoksilini na miligramu 125 za klavulaneti.

Klavulaneti ni dhaifu mno mbele ya maji. Viwandani huchanganywa katika vyumba vilivyokaushwa hewa, na vidonge hufungwa kwenye foili nene au kwenye chupa yenye kifuko cha kukaushia. Ikikutana na unyevu, hufunguka na kuvunjika, na mabaki yake yana rangi ya njano inayoelekea kahawia. Kwa sababu hiyo kidonge kilichokuwa cheupe huanza kuwa na madoa ya njano, kwa kawaida kwenye kingo au mahali ganda lilipochubuka, kisha madoa yanaungana na kuwa kahawia.

Tuchukue picha ya mfano. Vidonge 6 vya umbo la yai vimo ndani ya kifuko kidogo cha nailoni. Vilitolewa kwenye foili kabla ya safari ili visijaze begi, vikakaa miezi kadhaa katika kabati la bafuni huko Louisville. Viwili bado ni vyeupe, vitatu vina madoa ya njano kwenye kingo, kimoja ni kahawia upande mzima na ganda lake limepasuka. Msomaji mzoefu wa picha hii ataanza na utofauti wenyewe. Kama vidonge vya pakiti moja havifanani, basi havikutoka kiwandani hivyo, kwa sababu kosa la rangi la kiwandani kwa kawaida lingevikumba vyote sawasawa. Pili ataangalia kingo: rangi iliyoanzia nje ikiingia ndani inaashiria kwamba kilichoharibu kimetoka hewani. Tatu, nailoni nyembamba haizuii mvuke kama foili, na bafuni kuna mvuke kila mtu anapooga.

Hitimisho ni kwamba klavulaneti imeharibika, angalau kwa sehemu, na vile viwili vyeupe haviaminiki kwa kuwa vimekaa kifuko kimoja na wenzake. Hatari yake haionekani upesi. Amoksilini inaweza kuwa imebaki kwa kiasi kikubwa, na mgonjwa akavimeza, akapata nafuu kidogo kwa sababu bakteria dhaifu wamekufa, huku wale wenye kimeng'enya wakiendelea kuzaliana bila kizuizi. Hakuna sumu ya kutisha hapa. Kuna tiba iliyokatwa nusu bila mgonjwa kujua. Tena antibayotiki zilizobaki kutoka ugonjwa wa zamani hazipaswi kutumiwa kwa homa mpya, hata zingekuwa nyeupe pepe.

Dawa hiyo hiyo ikiwa ya maji, inayopewa watoto, huwekwa kwenye jokofu na kumwagwa siku 10 baada ya kuchanganywa. Sababu ni ile ile.

Kunata: dawa ya kifafa

Sodiamu valproeti, inayotumiwa sana kwa kifafa Afrika Mashariki na kujulikana kwa jina la Epilim, huvuta maji kama chumvi ya kopo wakati wa masika. Kidonge kikiachwa wazi hulowa, hushikana na kidole na kuacha alama ya majimaji kwenye karatasi. Ndiyo maana watengenezaji hukifunga kimoja kimoja kwenye foili na kuagiza kisitolewe humo hadi wakati wa kukimeza.

Marekani daktari kwa kawaida huandika divalproeksi, ambayo ni valproeti ya sodiamu iliyounganishwa na asidi ya valproiki, na haivuti unyevu kwa kiwango hicho. Familia iliyofika kutoka kambini huweza kuwa na dawa zote mbili nyumbani, ile ya zamani ikinata na hii mpya ikiwa kavu, na kuamini kwamba ile iliyonata ndiyo halisi kwa sababu ndiyo waliyoizoea. Kuzimeza pamoja ni kuzidisha dozi. Kuacha zote kwa woga ni hatari kubwa zaidi, kwa maana kukatiza dawa ya kifafa ghafla kunaweza kuleta mishtuko mfululizo. Mwenye dawa iliyonata humpigia mfamasia siku hiyo hiyo, wala hasubiri miadi.

Kisichoonekana kwenye picha

Aspirini ikiguswa na unyevu huvunjika na kuwa asidi ya salisiliki na asidi ya siki. Dalili ya kwanza ni harufu ya siki chupa inapofunguliwa, na picha haina harufu. Ni baadaye tu vipande vidogo kama sindano huonekana juu ya kidonge.

Levothairoksini, dawa ya tezi ya shingo, ni mfano mzito zaidi. Inaharibiwa na unyevu, joto na mwanga, na dozi zake hupimwa kwa mikrogramu. Mwaka 2007 mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, iliamua kwamba nguvu yake isipungue asilimia 95 wala kuzidi asilimia 105 ya iliyoandikwa hadi tarehe ya mwisho wa matumizi. Kidonge chake kinaweza kutoka nje ya kiwango hicho bila kubadilika sura hata kidogo. Kwa hiyo picha nzuri si cheti cha uzima.

Kuna pia kosa la upande wa pili. Sababu ya kawaida kabisa ya dawa kubadilika rangi Marekani haihusiani na maji: famasia imenunua kutoka kwa mtengenezaji mwingine. Vidonge vyote vinakuwa na rangi moja mpya, ni vigumu, vinang'aa, na namba au herufi zilizochapwa juu yake ni tofauti na za mwezi uliopita. Karibu kila kidonge kinachouzwa huko lazima kiwe na alama hiyo, na kwa alama hiyo mfamasia hukitambua mara moja. Vidonge vilivyotoka nyumbani Afrika vinaweza kukosa alama kabisa, na hapo pakiti ya awali ndiyo utambulisho pekee.

Kupiga picha

Picha inayofaa hupigwa mchana karibu na dirisha, bila flashi, kidonge kikiwa juu ya karatasi nyeupe. Taa ya njano hukifanya kidonge cheupe kionekane kimezeeka. Ikiwa kipo kingine ambacho foili yake haijafunguliwa, kiwekwe kando kwa kulinganisha. Zipigwe pande zote mbili, kisha kimoja kivunjwe katikati ili ndani paonekane, na picha nyingine ionyeshe lebo, tarehe na namba ya toleo.

Miji mitatu

Louisville iko kwenye Mto Ohio na kiangazi chake kina joto zito lenye unyevu. Columbus haiko mbali na hali hiyo. Buffalo, kando ya Ziwa Erie, ina kiangazi cha wastani na majira marefu ya baridi ambayo hewa ya ndani hukaushwa na hita. Mazingira ya nyumba husababisha madhara zaidi kuliko hali ya mji: bafu, rafu iliyo juu ya jiko, chumba cha chini ya nyumba, na jokofu. Jokofu huwashangaza wengi. Chupa baridi ikifunguliwa jikoni penye joto, mvuke hugeuka matone juu ya vidonge, na jambo hilo hurudiwa kila siku.

Ushauri wa bure kuhusu kidonge chochote hupatikana kwa simu ya vituo vya sumu, 1-800-222-1222, ambayo ina wakalimani. Louisville na Columbus zina vituo vyao. Buffalo huhudumiwa kutoka Syracuse. Katika Jimbo la New York sheria ya mwaka 2012 inayataka maduka ya dawa yenye matawi mengi kumpa mkalimani bila malipo mteja asiyejua Kiingereza vizuri.

Vidonge vilivyoharibika hupelekwa kwenye sanduku la kukusanyia dawa, ambalo famasia nyingi na vituo vya polisi vinalo. Likikosekana, dawa nyingi huchanganywa na masalia ya kahawa au udongo, hufungwa kwenye mfuko na kutupwa kwenye takataka, baada ya jina la mgonjwa kufutwa kwenye lebo.