Sheng kwa Rafiki, Sheng kwa Bosi: Mipaka ya Kuchanganya Ndimi Meru na Embu

Kijana wa Meru au Embu aliyezoea Kimeru au Kiembu nyumbani, Kiswahili sokoni na Kiingereza darasani hachanganyi ndimi kwa kukosa maneno. Carol Myers-Scotton, katika utafiti wake uliotoka mwaka 1993 na kutegemea sana mazungumzo ya Nairobi, alieleza kuwa kila uteuzi wa lugha hudai uhusiano fulani kati ya wazungumzaji. Baina ya marafiki, kuchanganya ndiyo kawaida; anayeandika Kiswahili sanifu kitupu ndiye anayeshangaza. Kwa mkubwa wa kazi, mchanganyiko uleule unaweza kusomeka kama ombi la usawa ambao bado haujakubaliwa.

Hata hivyo, kuuweka mchanganyiko wote katika kapu moja ni kosa. Tumchukue karani anayetoka Chuka kwenda kazini Embu, matatu ikaharibika Runyenjes. Kwa marafiki anaandika: “Wasee, mat imezima Runyenjes. Anzeni tu, ntawapata.” Ujumbe umetosha, maana kuchelewa kwake hakumgharimu mtu.

Akimwandikia bosi, “Manze, mat imezima, ntakuwa leti,” tatizo haliko kwenye “leti”. Maneno ya asili ya Kiingereza kama leti, ripoti na mitingi ni ya kila siku ofisini. Tatizo ni “manze”, neno la kumvuta msikilizaji awe mwenzako wa rika, tena mahali ambapo karani anahitaji kusamehewa. Zaidi ya hapo, ujumbe hausemi atafika saa ngapi wala kazi itafanywa na nani. Afadhali: “Habari ya asubuhi, madam. Matatu imeharibika Runyenjes. Nitafika saa tatu na nusu. Ripoti nilikutumia jana, kwa hiyo mitingi inaweza kuanza.” Maneno ya mkopo yamebaki, kilichoondoka ni madai ya urika.

Je, bosi akianza yeye mwenyewe kwa “Niaje, uko wapi?” Hapo amelegeza kamba, na jibu jepesi linafaa kwa habari ndogo, kama kumjulisha kwamba umeshafika. Lakini ulegevu huo ni wake kuutoa na wake kuurudisha. Ombi la ruhusa, radhi au malalamiko linaweza kupelekwa kwa afisa wa rasilimali watu, pengine mgeni aliyehamishwa kutoka Kisumu, asiyejua mazoea yenu. Yeye atasoma maneno matupu, bila ule ukaribu ulioyazaa.

Kwa hiyo kipimo ninachokitetea si usafi wa lugha. Ni kuangalia neno linadai uhusiano gani, nani aliyeufungua kwanza, na kama ujumbe utaeleweka vilevile mikononi mwa msomaji wa tatu. Neno linaloshindwa hapo libaki kwa marafiki, ambako lina kazi yake halali.