KM ni Upande Gani?

Kiswahili kina kaskazini na kusini, mashariki na magharibi. Kwa bahati mbaya ya herufi, mbili za kwanza zinaanza na K na mbili za mwisho na M. Kwa hiyo mwanafunzi wa Buswelu anayeandika "KM" kwenye jibu la zoezi la dira ameandika pande nne kwa mpigo, na mwalimu hana njia ya kujua alikusudia upi.

Tuchukue mfano wa jirani. Buswelu imo Ilemela, na uwanja wa ndege wa Mwanza umo humo humo. Njia yake ya kurukia inaitwa 12 upande mmoja na 30 upande wa pili, yaani takriban nyuzi 120 na 300. Nyuzi 120 zina jina gani?

Katika pande nane, kila jina lina nyuzi 45, na upande wenyewe upo katikati ya eneo lake. Ndiyo maana tunaongeza nusu, yaani 22.5, kabla ya kugawa: 142.5 kwa 45 ni 3 na baki. Baki tunalitupa. Tukihesabu kaskazini kuwa 0, kaskazini mashariki 1 na mashariki 2, namba 3 ni kusini mashariki. Asiyeongeza nusu hupata 2, akaishia mashariki. Na nyuzi 350 hutoa 8, ambayo haimo kwenye orodha: mzunguko umekamilika, turudi 0, kaskazini.

Sasa gawa duara mara kumi na sita. Nusu ni 11.25, kigawanyo 22.5, nyuzi 120 hutoa 5, nayo ni mashariki kusini mashariki. Jina hili humchanganya msikilizaji, lakini lina mpango: neno la kwanza ni upande mkuu ulio jirani, mawili yanayofuata ni upande wa kati unaoelekewa. Ukilisoma, pumua baada ya neno la kwanza.

Majina yote mawili ni sahihi, ila hayalingani kwa usahihi. Anayetembea kilomita 1 kuelekea kusini mashariki kamili, nyuzi 135, badala ya 120, huishia meta 261 hivi kutoka alipotakiwa. Akifuata jina refu, nyuzi 112.5, hukosea meta 131. Tena namba 12 ya uwanjani yenyewe imekadiriwa kwa makumi, na mpaka wa jina refu ni nyuzi 123.75; kwa hiyo njia yenye nyuzi 124 ingebaki kuitwa 12 lakini ingekuwa kusini mashariki katika hesabu zote mbili. Jina litolewe mwishoni, kutokana na nyuzi zilizopimwa, si namba iliyokwisha kukadiriwa.

Kuhusu ufupisho, napendekeza Kas, Kus, Mas na Mag. Walimu, msikubali KM.