Ukadiriaji wa muda wa kazi kwa kumbukumbu

Ukadiriaji wa muda wa kazi kwa kumbukumbu ni njia ya kukisia kazi mpya itachukua muda gani kwa kutazama kazi za aina yake zilizokwisha kufanywa zilichukua muda gani. Hutofautiana na ukadiriaji wa kawaida, ambapo mtu huigawa kazi katika hatua, akaipa kila hatua siku zake, kisha akajumlisha. Ukadiriaji huo wa hatua huacha nje yale yasiyopangwa: mgonjwa nyumbani, umeme kukatika, mteja kubadili mawazo. Hakuna fundi anayeandika “siku moja ya kusubiri umeme” kwenye mpango wake, ilhali katika kumbukumbu zake siku hiyo imo tayari, maana ilishapita na kuhesabiwa.

Walioueleza udhaifu huu kitaalamu ni wanasaikolojia Daniel Kahneman na Amos Tversky, katika maandishi yao ya mwaka 1979. Kahneman alikuwa ameuona kwa macho yake nchini Israeli miaka ya 1970, alipokuwa katika kikundi kilichoandaa mtaala wa shule za sekondari kuhusu namna ya kufanya uamuzi. Siku moja aliwaomba wenzake kila mmoja aandike kimyakimya kazi itakwisha lini. Majibu yote yalikuwa kati ya mwaka mmoja na nusu na miaka miwili na nusu. Kisha akamgeukia Seymour Fox, bingwa wa mitaala aliyekuwamo kikundini, akamwuliza vikundi vingine vya namna ile vilichukua muda gani. Fox alifikiri, akajibu kwamba takriban asilimia 40 havikumaliza kabisa, na vilivyomaliza vilichukua miaka saba hadi kumi. Kitabu cha mtaala huo kilikamilika baada ya miaka minane. La kuzingatia ni kwamba Fox mwenyewe, dakika chache kabla, alikuwa ameandika makisio kama ya wenzake. Habari alikuwa nazo kichwani, lakini hakuna aliyekuwa amemwuliza, na yeye hakuwa amezihusisha na kazi iliyokuwa mezani.

Mwaka 1994 Roger Buehler, Dale Griffin na Michael Ross walichapisha utafiti uliohusu, pamoja na mambo mengine, wanafunzi wa chuo kikuu nchini Kanada waliokuwa wakimalizia tasnifu zao. Kwa wastani wanafunzi walikisia siku 33.9, wakatumia siku 55.5. Walipoulizwa itakuwaje kila kitu kikienda vibaya kabisa, walisema siku 48.6, yaani hata ubaya waliouwazia haukufikia hali halisi. Watafiti haohao walionyesha kwamba kumkumbusha mtu yaliyopita peke yake hakutoshi. Makisio hupata nafuu pale mtu anapolazimika kueleza waziwazi jinsi yaliyopita yanavyoihusu kazi aliyonayo sasa. Ndiyo sababu kumbukumbu huandikwa, na hesabu yake hufanywa kwa kanuni iliyowekwa mapema, si kwa kuitazama tu na kutikisa kichwa.

Daftari lenyewe ni jepesi. Kila kazi hupewa mstari wenye aina ya kazi, tarehe ya kuanza, makisio yaliyotolewa kabla ya kuanza, tarehe ya kumaliza, na neno moja au mawili kuhusu kilichochelewesha. Makisio yaandikwe kabla. Yakiandikwa baadaye huwa yamekwisha kuegemea upande wa jibu. “Kumaliza” nako kuwe na maana moja daima. Kwa seremala wa vitanda, kitanda hakijakwisha chaga zinapopigiliwa misumari. Kimekwisha vanishi ikikauka na mteja akakichukua.

Tuchukue seremala wa kubuni mwenye kumbukumbu za vitanda kumi vya mbao. Kwa kila kitanda anagawa siku zilizotumika kwa siku alizokisia. Kitanda alichokisia siku 4 kikachukua 6 kinapata uwiano wa 1.5, alichokisia 5 kikachukua 5 kinapata 1. Akipanga uwiano wote kuanzia mdogo, anapata: 1, 1.2, 1.25, 1.25, 1.33, 1.4, 1.5, 1.5, 1.8 na 2. Sasa anakuja mteja anayetaka kitanda kipya, na seremala, akifikiria randa, msumeno na vanishi, anaona siku 5 zinatosha. Katikati ya orodha, kati ya 1.33 na 1.4, ni karibu 1.37, kwa hiyo kuna nafasi nusu kwa nusu ya kumaliza ndani ya siku 7. Kazi nane kati ya kumi hazikuvuka 1.5, nayo inampa siku 7 na nusu, basi aseme 8. Tisa hazikuvuka 1.8, yaani siku 9. Ikiwa mteja ana harusi na hawezi kulala chini, siku ya kuahidi ni ya 9. Ikiwa hana haraka, 7 ni makisio ya haki, mradi aambiwe kwamba huenda zikapita.

Seremala huyu hakuacha kutumia ujuzi wake. Siku 5 zimetoka kichwani mwake, na zinabeba tofauti kati ya kitanda cha kawaida na chenye nakshi. Kumbukumbu zinasahihisha tu upungufu ambao hujirudia kila mara.

Ugumu mkubwa uko katika kuchagua kazi zinazofanana. Ukibana mno, ukataka vitanda vya mninga vya futi sita vilivyotengenezwa wakati wa masika, utabaki na mistari miwili, na mistari miwili haisemi kitu. Ukipanua mno, ukachanganya vitanda na stuli, uwiano utatawanyika ovyo. Dalili ya mchanganyiko mbaya huonekana kwenye orodha yenyewe: namba zikijikusanya katika mafungu mawili yaliyo mbalimbali, huenda ni aina mbili za kazi zilizoandikwa kwa jina moja. Safu ya sababu husaidia kuzitenganisha. Pengine fungu refu lote ni la mbao mbichi zilizongojewa zikauke.

Kosa jingine ni kufuta kazi zilizokufa njiani. Mteja akitoweka, au kazi ikiachwa, mstari wake ubaki na alama ya kwamba haikuisha. Katika kisa cha Fox, habari nzito kuliko ile miaka saba ilikuwa ile asilimia 40, na daftari lenye kazi zilizokamilika tu lingeificha.

Halafu kuna tofauti ya saa za kazi na siku za kalenda. Kitanda kinaweza kula saa zilezile kila mara, lakini karibu na sikukuu, maagizo yanapojaa karakana, kikakaa wiki nzima kikisubiri zamu yake. Anayeahidi tarehe anahitaji kumbukumbu za kalenda. Anayepanga bei ya ufundi anahitaji za saa. Kuchukua moja na kuitumia mahali pa nyingine huharibu makisio hata kama hesabu ni sahihi.

Kumbukumbu pia hubadilishwa na matumizi yake. Seremala aliyeahidi siku 9 anaweza kuianza kazi siku ya nne, na daftari likaandika 9 kana kwamba zilihitajika zote. Tarehe ya kuanza iwe ile ambayo mbao ya kwanza ilikatwa kweli, si ile ya kupokea kianzio, na siku za kungoja ziandikwe kando. Mashine mpya au msaidizi mpya akiingia karakanani, mistari ya zamani hupoteza nguvu. Hapo ni afadhali kutumia kumi ya karibuni kuliko hamsini ya miaka yote.