Kilo mbili zinazokuja na kuondoka: mizani hupima nini?

Na Mwandishi Wetu, Singida

WATU wengi wanaojipima uzito kila siku hushtuka kukuta wameongezeka kilo moja au mbili katika usiku mmoja. Wapo wanaoacha kula kwa hofu ya kunenepa. Wapo pia wanaofurahia kupungua kilo mbili kwa siku tatu, wakidhani mafuta ya mwili yamekwisha. Mara nyingi wote wamekosea, kwa kuwa kilichobadilika ni maji na chakula kilichomo tumboni.

Hesabu yenyewe ni nyepesi. Kilo moja ya mafuta ya mwili hubeba nishati ya takriban kilokalori 7,700, wakati mtu mzima wa kawaida hutumia kilokalori 2,000 hadi 2,500 kwa siku. Ili aongeze kilo moja ya mafuta kwa siku moja, angelazimika kula chakula cha siku tatu zaidi ya kile anachokula kila siku. Lakini lita moja ya maji ina uzito wa kilo moja, na huonekana kwenye mizani mara tu inaponywewa.

Chukua mfano wa fundi cherehani wa mjini Singida ambaye asubuhi, kabla ya kula, ana kilo 70. Chai na maandazi ni kilo 0.7, ugali wa mtama na mlenda wa mchana ni kilo 0.8, na maji anayokunywa kutwa ni lita mbili. Usiku anaalikwa kwenye sherehe, anakula wali na kuku wenye chumvi nyingi, kilo 0.8, na kunywa soda na maji, kilo 0.7. Jumla ameingiza kilo tano.

Katika muda huo amepoteza kilo 1.5 kwa mkojo na kilo 1.6 kwa jasho na pumzi. Akipanda mizani kabla ya kulala atakuta kilo 71.9. Usiku hupoteza nusu kilo ya mkojo na kilo 0.4 kwa ngozi na pumzi, na asubuhi choo humpunguzia kilo 0.2. Mizani itasoma kilo 70.8.

Je, hizo gramu 800 zimebaki wapi? Sehemu yake ni chakula ambacho bado kimo matumboni. Sehemu nyingine imeshikiliwa na chumvi, kwani gramu tisa za chumvi zikibaki mwilini hushikilia takriban lita moja ya maji mpaka figo zitakapoitoa. Iliyobaki inatokana na wanga. Ugali na wali huwekwa kwenye ini na misuli kama akiba iitwayo glikojeni, na kila gramu ya akiba hiyo hukaa na takriban gramu tatu za maji. Akirudia mlo wake wa kawaida, uzito hushuka wenyewe baada ya siku chache.

Hiyo ndiyo sababu anayeacha ugali na wali hupungua haraka katika siku za mwanzo. Akiba hutumika, maji yake hutoka, na yote hurudi anapoanza kula wanga tena.

Katika mkoa mkavu kama Singida kuna jambo jingine la kuzingatia. Wakati wa kiangazi hewa kavu na upepo hukausha jasho kabla halijaonekana, hivyo mtu aliyefanya kazi juani anaweza kupoteza zaidi ya lita moja huku nguo zake zikiwa kavu. Kupungua huko si kukonda, bali ni upungufu wa maji. Dalili zake ni kiu, pamoja na mkojo mchache wenye rangi nzito. Kwa wanawake, uzito unaweza pia kupanda kwa muda siku chache kabla ya hedhi.

Hata hivyo, si kila badiliko ni la kupuuzwa. Mgonjwa wa moyo anayeongezeka kilo mbili ndani ya siku chache, huku miguu ikivimba au akipumua kwa shida, huenda anakusanya maji na anapaswa kwenda hospitali bila kuchelewa. Aidha, mtoto wa kilo 10 anayeharisha akipoteza kilo moja amepoteza asilimia 10 ya uzito wake, kiwango cha hatari kinachohitaji matibabu ya haraka.

Kwa mtu mwenye afya, njia bora ni kujipima asubuhi baada ya kwenda haja na kabla ya kula, kwa mizani ileile na nguo nyepesi. Aandike namba za siku saba, atafute wastani, kisha alinganishe na wastani wa wiki inayofuata. Wastani ukipanda au kushuka kwa wiki tatu au nne mfululizo, hapo ndipo kuna sababu ya kuamini kuwa mwili wenyewe umebadilika.